Nyongeza ya Mshahara Iliyoahidiwa kwa Mdomo

Bosi anasema, "Kuanzia Julai nitakuongezea laki moja." Mfanyakazi anashukuru, anangoja. Julai inaisha, benki kimeingia kilekile, na akiuliza anaambiwa suala lake linashughulikiwa. Barua ilitakiwa kuandikwa wiki ileile ahadi ilipotolewa, kabla kumbukumbu hazijaanza kutofautiana.

Kuandika hivyo si kumkosea bosi adabu. Nchini Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwenye maandishi, mshahara ukiwemo, na yakibadilika amjulishe mfanyakazi kwa maandishi.

Tuseme mwandishi ni mtunza stoo mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 650,000. Barua yake inaweza kuwa fupi hivi:

"YAH: NYONGEZA YA MSHAHARA

Rejea mazungumzo yetu ya tarehe 12 Juni ofisini kwako. Nashukuru kwa uamuzi wa kuniongezea mshahara. Nilivyoelewa, mshahara wangu wa msingi utapanda kutoka shilingi 650,000 hadi 750,000 kwa mwezi, kabla ya makato, kuanzia tarehe 1 Julai. Naomba unithibitishie kwa maandishi, au unisahihishe kama sikuelewa vizuri, kabla ya tarehe 25 Juni."

Ugomvi mwingi huanzia kwenye "msingi" na "kabla ya makato". Kwenye laki moja hiyo, NSSF huchukua asilimia 10 ya mfanyakazi, yaani 10,000. Zinazobaki 90,000, kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2021, mtu wa mshahara huu hukatwa asilimia 20, ambayo ni 18,000. Mkononi zinafika 72,000. Asiyejua hesabu hii ataona amedhulumiwa hata pale bosi alipotimiza neno lake. Nayo laki ikiletwa kama posho, haitahesabiwa kwenye malipo ya saa za ziada wala kiinua mgongo cha kisheria, kwa sababu vyote viwili hupimwa kwa mshahara wa msingi.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiipeleka kwa barua pepe au WhatsApp, usiufute ujumbe huo.

Bosi akinyamaza, ukimya wake haujawa kukubali. Mkataba wa zamani bado unasema 650,000, na mwajiri akiutoa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha kwamba mlikubaliana vingine. Barua yenye muhuri wa Juni inaonyesha kwamba hukuizua habari hiyo baada ya kugombana, ingawa peke yake inaweza isitoshe. Shahidi aliyekuwepo au ujumbe wa bosi mwenyewe utaipa nguvu. Ila usikae ukiandika barua za kukumbusha hadi mwaka uishe: madai ya aina hii yanatakiwa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.