Boriti ya I Inaposokotwa

Chukua boriti ya chuma yenye umbo la I, kimo chake milimita 200 na bapa zake upana wa milimita 100. Mwisho wake mmoja umechomelewa barabara kwenye nguzo nene, na mwingine unaning'inia mita tatu mbele. Sasa tundika kilo 250 kwenye ncha hiyo, si chini ya ukuta wa kati bali sentimita 20 pembeni. Boriti itainama, na pia itasokotwa.

Kuinama hakutishi. Kwenye nguzo, mkazo wa kuinama ni takribani nyutoni 39 kwa milimita ya mraba, wakati chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea kwenye 235. Hatari imejificha kwenye msokoto.

Tazama boriti hiyo kutoka juu. Inapozunguka, bapa la juu linasogea kushoto na la chini kulia. Kwenye nguzo hakuna linalosogea, na kadiri unavyoelekea kwenye ncha, msogeo unaongezeka. Kama mwisho ule usingeshikwa, bapa la juu lingegeuka kidogo upande huu na la chini upande ule, yakibaki yamenyooka karibu kabisa, na sura ya mkato isingekuwa bapa tena. Lakini uchomeleaji hauruhusu mgeuko huo. Bapa linalazimika kuanza safari yake likiwa limenyooka mbele, kisha likate kona kuelekea pembeni. Chuma hakikati kona bila kupinda. Stephen Timoshenko aliingiza kupinda huku kwenye hesabu za boriti za I mwaka 1905.

Kwa mzigo wetu, nguzo inasukuma bapa moja kushoto na jingine kulia kwa takribani kilonyutoni 2.6 kila moja. Nguvu hizo hupungua haraka: sentimita 70 kutoka kwenye nguzo imebaki zaidi kidogo ya theluthi. Hata hivyo, pale kwenye mchomeleo zinazalisha mkazo wa karibu nyutoni 129 kwenye kingo za bapa, zaidi ya mara tatu ya ule wa kuinama. Ukingo mmoja unavutwa na wa pili unabanwa. Kwenye bapa la chini mambo yamegeuka. Mikazo hiyo miwili hujumlika kwenye baadhi ya pembe, na huko ndiko rangi inapoanza kupasuka, kwenye pembe mbili za upande mmoja, moja juu na nyingine chini.

Ncha nayo itakuwa imezunguka karibu nyuzi 12, kwa sababu umbo lililo wazi halina mzingo kamili wa kupitisha msokoto. Bomba la mstatili la milimita 200 kwa 100, lenye uzito uleule, ni gumu kusokota zaidi ya mara 150. Kuongeza vibati vya kuimarisha kati ya bapa hakusaidii sana, maana umbo linabaki wazi. Mzigo ukishindikana kuhamishiwa chini ya ukuta wa kati, chomelea bati refu kila upande, kutoka ukingo wa bapa la juu hadi la chini, ili boriti ifungike kuwa sanduku.