Nauli ya Idi na Hesabu ya Mwezi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha kutoka hapa, kila mwaka nasikia swali lile lile: "Nikate tiketi ya siku gani, na Idi haijulikani?" Mimi nasoma hapa Nyamitanga na kwetu ni Nakivale, na kaka yangu anafanya kazi Kampala. Nyumbani kwetu jambo hili si la mzaha, maana mama hali chakula cha Idi kwa furaha mpaka watoto wote wamefika.

Kwanza yafaa kujua kwamba Idi zetu mbili si sawa. Idi ya kuchinja huwa siku ya kumi ya Mfunguo Tatu. Mwezi huo ukiandama, una siku tisa za kujitayarisha, na tarehe yako ni ya hakika. Lakini Idi-el-Fitri ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, nayo hutangazwa usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Hiyo ndiyo yenye taabu.

Hata hivyo taabu yake ina mpaka. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, haupungui wala hauzidi. Basi tangu siku ya kwanza ya kufunga unaweza kuandika tarehe mbili tu, na Idi haitatoka nje ya hizo. Lakini hesabu kwa mfungo wa kule unakokwenda. Mwaka 2024, Saudia walianza kufunga tarehe 11 Machi na Tanzania tarehe 12. Mmoja akafunga siku 30 na mwingine 29, na wote wakaswali Idi tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 Saudia waliswali tarehe 30 Machi, na Tanzania tarehe 31.

Sasa tazameni hesabu ya kaka yangu mwaka ule wa 2024. Sisi nyumbani tulianza kufunga tarehe 11 Machi. Kwa hiyo Idi ingekuwa tarehe 9 Aprili au tarehe 10. Kaka hakungoja tangazo. Alikata tiketi ya tarehe 7, siku ya 28 ya mfungo, wiki mbili mbele, kwa nauli ya kawaida. Idi ilipokuwa tarehe 10, alikuwa amepoteza siku mbili za kazi, lakini Idi hakuikosa.

Je, kama angengoja? Mwezi hutazamwa jua likizama, kiasi cha saa moja ya usiku. Kutoka Kampala mpaka Mbarara ni kilomita 270 hivi, safari ya saa nne au tano njia ikiwa nyeupe. Angefika Mbarara usiku wa manane, na saa hizo hakuna gari la abiria la kwenda Nakivale. Wengi husahau kipande hiki cha pili. Basi la Kampala huwekwa nafasi, lakini matatu ya Nakivale haiwekwi. Huondoka ikijaa, tena mchana.

Nauli nayo hupanda kwa sababu inayoeleweka. Siku za mkesha watu wote huelekea upande mmoja. Basi hutoka Kampala limejaa na kurudi na viti vitupu, na mwenye basi huwatoza wanaokwenda gharama ya safari mbili. Tuseme nauli ya kawaida ni shilingi 30,000, na ya mkesha ni 50,000. Baada ya Idi mambo hugeuka: bei kubwa ni ya kurudi Kampala. Kwa hiyo usirudi siku ya pili ya Idi, ukiweza. Ngoja siku mbili au tatu.

Tiketi ya kurudi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa Idi ikisogea siku moja, na kurudi kwako kutasogea. Kabla ya kulipa, uliza: "Naweza kubadilisha siku? Kwa malipo gani?" Wakikubali, waandike juu ya tiketi yenyewe. Neno la mdomo halitakusaidia siku ya msongamano, maana karani utakayemkuta huenda si yule uliyezungumza naye.

Mwisho, lipa ofisini, si kwa mpiga debe langoni. Tiketi ya kweli ina tarehe, saa ya kuondoka na namba ya kiti. Ikikosa namba ya kiti, jua kwamba kiti hicho huenda kimeuzwa kwa watu wawili, na atakayekaa ni yule aliyetangulia kuingia.

Chukueni kalenda, basi, siku ile ile ya kwanza ya mfungo, mtie alama tarehe mbili, kisha mrudi nyuma siku mbili kutoka ile ya mbele. Hiyo ndiyo siku ya kusafiri.