Mteja Anapojibu "Ndio" Badala ya "NDIYO"

Kliniki ya meno inatuma ujumbe jioni: "Kesho saa 3 asubuhi una miadi. Jibu NDIYO kuthibitisha, AHIRISHA kubadilisha siku, ACHA kusitisha ujumbe huu." Ndani ya dakika chache majibu yanaingia: "ndio", "Ndiyo.", "NDIO daktari", "Ndiyo ila nitachelewa, nifike saa 6".

Majibu hayo hayaendi kwenye simu ya mapokezi. Kampuni inayounganisha biashara na mitandao ya simu huyapeleka kwenye anwani maalumu ya seva ya kliniki, ambayo mafundi huiita webhuku. Kwa wanaotumia Africa's Talking ya Nairobi, seva hupokea sehemu kama hizi:

```
from=+2547XXXXXXXX
text=NDIO daktari
id=a81f...
```

Programu ikilinganisha sehemu ya `text` na neno NDIYO herufi kwa herufi, majibu yote manne yatakataliwa. Kwa hiyo kwanza huondoa nafasi za pembeni na alama za uandishi, hugeuza herufi zote kuwa kubwa, kisha hutazama neno la kwanza. NDIO na NDIYO huhesabiwa kuwa neno moja.

Lakini neno la kwanza pekee halitoshi. Mgonjwa wa nne ameanza na "Ndiyo", ila hawezi kufika saa 3. Programu ikimthibitisha, daktari atamsubiri bure. Kanuni salama ni hii: neno kuu likiwa peke yake, au likifuatwa na neno la heshima tu kama "daktari" au "asante", programu iamue. Yakiwepo maneno mengine, ujumbe upelekwe kwa mhudumu wa mapokezi ausome mwenyewe. ACHA ndilo pekee lisilosubiri: hata likiwa na maneno ya ziada, namba hiyo isitumiwe tena vikumbusho.

Tatizo la pili hujitokeza seva inapochelewa. Kampuni nyingi za kati husubiri seva ijibu kwamba imepokea, na baadhi yake zisipopata jibu kwa wakati hutuma ujumbe uleule tena. Dalili yake ni mgonjwa kupata majibu mawili kwa AHIRISHA moja, au miadi yake kusogezwa mara mbili. Dawa ni seva kuhifadhi ujumbe, kujibu `200` papo hapo, na kushughulikia miadi baadaye. Kabla ya kufanya lolote, iangalie `id`. Ikiwa imeshaishughulikia, iiache.

Ujumbe uhifadhiwe jinsi mteja alivyouandika, kabla ya kusafishwa. Kila wiki mhudumu apitie yale ambayo programu haikuyatambua. Humo ndimo atakapokuta "sawa", "nakuja" na "ntafika", na kuamua yapi yaongezwe kwenye orodha ya kuthibitisha.