Jinsi Mkora Anaweza Kuhama na Namba Yako, Simu Ikiwa Bado Mfukoni Mwako

Wasee wengi wa Kisumu wanachunga simu vizuri sana. Ukipita Kondele jioni unaificha, ukipanda matatu ya Kondele unaishika na mikono miwili. Iko poa. Lakini kuna wizi mwingine ambao hauhitaji mtu akuguse. Simu inabaki na wewe, ila namba inaenda.

Cheki vile inawezekana. Namba yako haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye kompyuta za kampuni ya simu, ambako kuna mstari mmoja unaosema: namba hii ni ya simkadi fulani. Mtu akipiga, mtandao unasoma huo mstari ndio ujue ilie wapi. Kwa hivyo mkora hatafuti simu yako. Anatafuta mtu wa kumbadilishia huo mstari.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kudanganya kampuni yako kwamba wewe umepoteza laini, wampe simkadi mpya yenye namba yako. Ya pili ni kuhamisha namba hadi kampuni nyingine. Kenya iliruhusu watu kuhama na namba zao tangu Aprili 2011, na ndiyo maana siku hizi 0722 si lazima iwe Safaricom. Mkora akijifanya wewe kwa kampuni mpya na ombi lipite, mitandao yote inaanza kutuma simu na SMS zako huko alikohama nazo.

Sasa hapa ndipo Kenya iko tofauti na majuu. Ukihama Safaricom, M-Pesa haihami na wewe. Kwa hivyo mkora anayewinda M-Pesa hana haja ya kuhamisha namba, anataka simkadi mpya hapo hapo Safaricom. Lakini kama anawinda akaunti ya benki, barua pepe au WhatsApp, hajali namba iko mtandao gani. Anachotaka ni zile SMS zenye namba za kuthibitisha. Njia zote mbili zinampa.

Na usidhani ni shida ya watu wadogo. Agosti 2019, wakora waliteka namba ya Jack Dorsey, aliyekuwa bosi wa Twitter, na wakaanza kuposti matusi kwa akaunti yake mwenyewe.

Tufuate moja mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna mathee anauza mbuta na ngege pale Dunga, na wateja wote wanalipa kwa M-Pesa. Mkora anahitaji jina lake kamili, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Hizo si siri kubwa. Namba ya kitambulisho anaiandika kwa kitabu cha ajenti, anaiandika tena kwa askari wa geti akiingia jengo lolote mjini. Kisha anapigiwa: "Mama, tunasajili laini upya, isije ikafungwa. Ulitumiwa pesa na nani mwisho?" Hilo swali si la bure. Ni aina ya maswali ambayo mtu wa kampuni anaweza kuuliza kuhakikisha mwenye laini ni yeye. Mathee anamjibu mkora, halafu mkora anaenda kumjibu mtu wa kampuni.

Ombi likipita, laini ya mathee inazima. PIN ya M-Pesa bado ni kizuizi, lakini kama ni mwaka wake wa kuzaliwa, mkora ashaiona kwa kitambulisho. Anatoa salio, anachukua Fuliza, anakopa M-Shwari. Mathee anabaki bila pesa, na juu yake ana deni.

Kitu kinaumiza huku kwetu kando ya ziwa ni hiki: tumezoea netwaki mbovu. Ukiwa Usenge, Mbita ama ndani ya mtumbwi, laini ikipotea unasema itarudi. Mkora anapenda hayo masaa unayongoja. Kwa hivyo laini ikizima, fanya vitu viwili. Kwanza, muulize mtu wa karibu mwenye mtandao kama wako. Yake ikiwa sawa na yako imekufa, shtuka. Pili, azima simu upige namba yako. Ikilia kule na yako iko kimya mkononi, ama mtu mwingine aipokee, hiyo si netwaki. Umeibiwa namba.

Hapo usingoje hadi kesho. Na hiyo simu ya kuazima, piga kampuni yako wafunge laini. Kwa Safaricom ni 100 ukitumia laini yao nyingine. Kisha piga benki wafunge huduma ya simu. Halafu nenda na kitambulisho hadi duka la kampuni lenyewe urudishiwe namba, na upitie polisi upewe namba ya OB. Bila hiyo, kupigania deni ambalo hukukopa ni ngori. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilirekebishwa Oktoba 2025, na sasa kuteka laini ya mtu ni kosa linalotajwa wazi: faini hadi shilingi 200,000, ama jela hadi miaka miwili, ama vyote.

Lakini afadhali isifike huko. Kama uko Safaricom, piga *100*100# leo. Hiyo inafunga laini yako isibadilishiwe simkadi kiholela: mwenyewe lazima afike duka la Safaricom na kitambulisho halisi. Na ujue Safaricom wakikupigia wanatumia 0722000000 pekee. Namba nyingine yoyote inayojiita Safaricom, kata.

Kama uko mtandao mwingine, ama unataka uhakika zaidi, ingia dukani uulize maswali matatu. Moja: mnaweza kufunga laini yangu isibadilishwe hadi nije mwenyewe? Mbili: mtu akiomba kuhamisha namba yangu, mnanijulisha kabla ama baada? Tatu: mnaweza kuweka kizuizi cha kuhama kwa akaunti yangu? Usione ni kama unasumbua. Marekani, tume ya mawasiliano ilipitisha kanuni Novemba 2023 zinazotaka kampuni zimwarifu mteja kabla ya kubadilisha simkadi au kuhamisha namba, na zimpe kufuli la vyote viwili bila malipo. Kama una binamu huko Minnesota ama Texas, mwambie aombe hilo kufuli.

Pia jua kile ambacho hakisaidii hapa. PIN ya simkadi, ile unaulizwa ukiwasha simu, inazuia aliyeiba simu yenyewe. Simkadi mpya ya mkora haina hiyo PIN yako.

Kilichobaki ni kupunguza kile ambacho namba inaweza kufungua. Badilisha PIN ya M-Pesa kama ni mwaka wa kuzaliwa wako ama wa mtoto. Kwa WhatsApp, ingia Settings, Account, kisha Two-step verification, uweke PIN yako. Mkora akipata SMS ya kuthibitisha, bado ataulizwa hiyo PIN. Na barua pepe yako, ambayo ndiyo inafungua Facebook, TikTok na zingine zote, itolee uthibitisho wa SMS uweke aplikesheni kama Google Authenticator. Hiyo inatengeneza namba za siri ndani ya simu yenyewe, na mkora hawezi kuhama nayo.

Ukimaliza yako, shika simu ya mathee umpigie *100*100# pia.