Mkate Mzito, Lawama kwa Hamira

Katika viwanda vidogo vya mikate, mkate ukitoka mzito, wa kwanza kulaumiwa ni hamira. Hununuliwa ya aina nyingine, au huongezwa kijiko, na kesho yake mkate unatoka vilevile. Mara nyingi hamira haina kosa. Kilichoharibika ni joto la kinyunga, ambalo ni wachache wanaojisumbua kulipima.

Hamira ni viumbe hai. Hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua mkate. Kinyunga kinapozidi kuwa cha moto, kazi hiyo inakwenda mbio: kinachohitaji saa moja na nusu kikiwa na nyuzi 26, kikiwa na nyuzi 34 huweza kumaliza kwa karibu nusu ya muda huo. Kwa hiyo anayekuambia "acha kiumuke saa moja na nusu" bila kutaja joto amekupa nusu ya maelezo tu.

Chukua mwokaji wa Temeke, mchana wa Februari. Anakanda kilo 10 za unga kwa lita 6 za maji, gramu 100 za hamira kavu na gramu 180 za chumvi. Chumba kina nyuzi 31, unga una nyuzi 30, maji ya bomba nyuzi 28. Mashine nayo, kwa ule msuguano wa kukanda, inaongeza joto lake; kwenye hesabu hii tuliweke kuwa 8. Jumlisha vyote vinne upate 97, gawanya kwa tatu: kinyunga kitatoka na nyuzi 32 na ushee. Akikiacha kwa saa moja na nusu aliyoizoea, kitapita kiasi. Kuta za vile vitundu vya hewa zinatanuka hadi zinakosa nguvu, na kikiingia kwenye tanuri kinanywea badala ya kupanda. Ukiukata mkate huo unaona matundu makubwa juu, chini umeshikamana, ganda limepauka, na harufu yake ina uchachu kama wa pombe. Kuongeza hamira hapo ni kuchochea moto.

Dawa iko kwenye maji, kwa kuwa ndiyo pekee anayoweza kuyabadilisha kwa dakika chache. Akitaka kinyunga cha nyuzi 26, azidishe 26 kwa tatu apate 78, kisha atoe 30 ya unga, 31 ya chumba na 8 ya mashine. Inabaki 9. Maji yake yawe na nyuzi 9, na bomba la Dar haliwezi kutoa maji hayo. Kati ya zile lita 6, kilo moja hivi iwe barafu iliyopondwa, ipimwe pamoja na maji na si kuongezwa juu yake, la sivyo kinyunga kitakuwa chepechepe.

Ile 8 ya mashine kila mtu aitafute mwenyewe: apime kinyunga mara tu kinapotoka, azidishe kwa tatu, kisha atoe joto la unga, la chumba na la maji.

Iringa, alfajiri ya Julai, mambo yanageuka. Chumba kikiwa na nyuzi 15 na unga 14, hesabu ileile inadai maji ya nyuzi 41. Anayetumia maji ya bomba atapata kinyunga cha baridi, na saa moja na nusu itakwisha kabla hakijaumuka vya kutosha. Mkate wake pia utakuwa mzito, ila kwa sura nyingine: ndani umebanana kama ugali, pengine na tundu moja moja kubwa, na ubavuni umepasuka kwa sababu hamira imeamka ghafla ndani ya tanuri.

Kabla ya kuchoma, kidole chenye unga ndicho kinachoamua. Bonyeza taratibu. Kinyunga kikirudi upesi, bado; kikirudi polepole na kuacha kibonyeo kidogo, kiingie tanurini; kisiporudi kabisa, umechelewa.

Joto likiwa sawa na mkate bado mzito, geukia unga. Nyosha kipande kidogo kwa vidole: kikiwa kimekandwa vya kutosha kitakuwa chembamba hadi mwanga upite. Kikikatika mapema, ongeza dakika za kukanda. Kikiendelea kukatika, unga huo ni dhaifu, unafaa maandazi kuliko mkate. Kisha kuna ule utepe mbichi, wenye kunata, chini ya slesi. Huo ni wa mkate usioiva au uliokatwa ungali wa moto. Katikati ya mkate ulioiva kipimajoto husoma karibu nyuzi 95, na ukitoka hapo uachwe upoe kabisa juu ya waya, nje ya bati, ndipo uende kwenye mashine ya kukatia.