Barua ya Mwalimu Anayetaka Kufundisha Wafanyakazi

Tuseme benki imetangaza nafasi ya ofisa mafunzo. Kazi yenyewe ni kuandaa mafunzo elekezi kwa waajiriwa wapya, kuendesha mafunzo ya mara kwa mara matawini na kupima kama yamesaidia. Mwalimu wa sekondari mwenye miaka tisa darasani anasoma tangazo hilo na kuona ni kazi anayoiweza. Anakaa chini na kuandika: “Mimi ni mwalimu mwenye shahada na uzoefu wa miaka tisa wa kufundisha Hisabati na Jiografia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni mchapakazi, ninajituma na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa.”

Hajadanganya popote. Ila ofisa rasilimali watu anayeisoma barua hiyo hana kidato cha kwanza. Ana makeshia wanaofunga siku hesabu zikiwa hazilingani, na wahudumu wanaojaza vibaya fomu za kufungulia akaunti hadi makao makuu yazirudishe. Anachotaka kujua ni kama mwombaji huyu anaweza kumchukua mtu mzima, mwenye kazi yake na mazoea yake, akamfanya aifanye kazi hiyo tofauti kuanzia Jumatatu. Juu ya hilo, barua haijasema neno.

Ili kuelewa kinachotafutwa, inafaa kujua jinsi watu wa mafunzo kazini wanavyopima kazi yao. Wengi hutumia ngazi nne zilizoelezwa mwaka 1959 na Mmarekani Donald Kirkpatrick. Ya kwanza ni kama washiriki waliyapenda mafunzo. Ya pili ni kama walijifunza kitu. Ya tatu ni kama waliporudi kazini walibadili utendaji wao. Ya nne ni kama taasisi ilipata faida yoyote kutokana na mabadiliko hayo. Shuleni tunaishi zaidi kwenye ngazi ya pili: somo linafundishwa, mtihani unatolewa, alama zinaandikwa. Mwajiri wa ofisa mafunzo anajali zaidi ngazi ya tatu na ya nne.

Hapo ndipo walimu wengi wanapotoa ushahidi usiofaa. Wanaandika kwamba ufaulu wa somo lao ulipanda kwenye mtihani wa taifa. Ni jambo la kujivunia, lakini msomaji wa benki anajua kwamba ufaulu una mikono mingi ndani yake: wazazi, masomo ya ziada, hata aina ya wanafunzi waliopokelewa mwaka ule. Tena ni habari ya watoto wanaolazimika kuwapo darasani. Mfanyakazi wa benki anaweza kukaa ukumbini siku nzima, akanywa chai, akasaini mahudhurio, kisha akarudi dirishani na kufanya vilevile kama jana.

Ushahidi unaofaa mara nyingi uko kwenye kazi ambazo mwalimu hazihesabu kuwa uzoefu. Aliwahi kuwaongoza walimu wapya au wale wa mazoezi ya kufundisha. Aliwahi kuendesha kipindi cha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu hukutana shuleni na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Huko alikuwa anafundisha watu wazima, kazini, juu ya kazi yao. Hicho ndicho kitu kinachotangazwa na benki.

Turudi kwa mwalimu wetu. Ukimuuliza vizuri, anakumbuka jambo ambalo hakuliandika. Shule yake ilipoanza kutunza alama za upimaji endelevu kwenye Excel, walimu wengi walikuwa wanaharibu: alama inaingizwa kwenye safu isiyo yake, jina la mwanafunzi linarudiwa, fomula inafutwa bila mtu kujua. Mwalimu wa taaluma alikuwa anarudisha majedwali kila muhula. Yeye akapewa kazi ya kuwafundisha wenzake. Badala ya kusimama mbele na kueleza, aliwakalisha kwenye kompyuta kila mmoja na orodha ya darasa lake halisi. Waliokwama aliwafuata ofisini siku zilizofuata, kisha akabandika ukutani maelekezo ya ukurasa mmoja. Sasa aya yake ya pili inaweza kusomeka hivi:

“Katika shule yangu niliwafundisha walimu wenzangu 24 kuingiza alama kwenye mfumo wa kompyuta. Muhula uliotangulia majedwali tisa yalirudishwa kwa makosa. Nilipanga vipindi vitatu vya dakika 40, kila mwalimu akifanya kazi kwa orodha ya darasa lake, na nikawafuatilia kwa wiki mbili baadaye. Muhula uliofuata yalirudishwa mawili. Naamini njia hiyo ya kumfundisha mtu kwa kazi yake mwenyewe, na kumfuatilia baada ya mafunzo, inafaa pia kwa wahudumu wanaojifunza kujaza fomu za wateja.”

Aya hii inatoka ngazi ya tatu. Inasema tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, na mabadiliko yalionekana kwa kipimo gani. Haisemi kwamba mafunzo ndiyo sababu pekee, na mwalimu asijaribu kulisema hilo. Tarakimu nazo ziwe zile anazoweza kuzithibitisha, kwa sababu swali la kwanza kwenye usaili litakuwa: “Ulijuaje?” Kama hana hesabu, aeleze tu alichokiona kikibadilika.

Baada ya hapo barua inapaswa kukiri pengo, kwa ufupi. Mwalimu hajui bidhaa za benki wala kanuni zake, na msomaji analijua hilo tangu mstari wa kwanza. Sentensi moja inatosha: kwamba hajafanya kazi benki, hivyo angependa kuanza kwa kukaa tawini na makeshia kabla ya kuandaa somo lolote. Mkufunzi anayeanza kwa kuitazama kazi inavyofanyika huandaa mafunzo bora kuliko anayeanza na slaidi, na mwenye taaluma akisoma sentensi hiyo ataelewa.

Sababu ya kuacha ualimu nayo isichukue nafasi kubwa. Malalamiko juu ya mshahara, uhamisho au mkuu wa shule, hata yakiwa ya kweli, humfanya msomaji ajiulize mwombaji atasema nini juu ya benki mwakani. Atosheke kueleza kwamba kuwafundisha wenzake ndiko kulikomvuta kwenye kazi hii.

Lugha ya shule nayo ihamishwe. Andalio la somo liwe mpango wa kipindi cha mafunzo, na wanafunzi wawe washiriki. Zamu, mahafali na michezo vibaki kwenye wasifu. Barua iwe ya ukurasa mmoja, na kichwa chake kitaje nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Ile desturi ya kuanza na umri na mahali pa kuzaliwa iachwe, kwani inakula nafasi ya aya iliyobeba ushahidi. Benki nyingi hupokea maombi kwa Kiingereza. Mpangilio wa hoja unabaki uleule.

Mwisho wa barua, kabla ya “Natanguliza shukrani,” mwalimu anaweza kusema yuko tayari kuendesha kipindi kifupi cha mfano mbele ya jopo. Waajiri wa wakufunzi mara nyingi huomba hivyo wenyewe, na hapo miaka yake tisa darasani itamfaa kuliko ilivyomfaa kwenye karatasi. Asichague mada ya Hisabati. Achukue fomu ya kufungulia akaunti, awape wanajopo kalamu, awaache waijaze na kukosea, kisha aanzie kwenye makosa yao.