Kivuli na Kumbukumbu katika Ramani ya Mchezo

Katika michezo ya kompyuta iliyofuata nyayo za Rogue ya 1980, shimo huchorwa kwa miraba, na mchezaji huonyeshwa tu kile ambacho mhusika wake anaweza kukiona. Njia moja ya kukipata hugawa eneo linalomzunguka katika vipande vinane, kisha hukagua kila kipande safu baada ya safu, kuanzia karibu naye. Upana wa mwanga hushikwa kwa miinuko miwili, 1 kwenye mshazari na 0 kwenye mstari ulionyooka.

Chukua ukuta ulio safu ya 4, safuwima ya 2. Kingo zake zina miinuko 2.5/3.5 na 1.5/4.5, yaani takriban 0.71 na 0.33. Hapo kanuni hujiita yenyewe kukagua safu zinazofuata kati ya 1 na 0.71, kisha huendelea na upande wa 0.33 hadi 0. Safu ya 5 bado huonekana yote, kwa kuwa mraba unaoguswa kidogo tu na mwanga huhesabiwa. Safu ya 6 ndiyo hupoteza mraba wa safuwima ya 3.

Kila mraba hubeba alama mbili: “unaonekana”, inayofutwa kila zamu, na “umewahi kuonekana”, isiyofutwa. Wenye ya pili pekee huchorwa kwa rangi hafifu. Lakini ni lazima ihifadhiwe nakala ya kilichoonwa. Vinginevyo mlango ukifunguliwa na adui gizani, ramani itamfichua.